Barua iliyoandikwa kabla ya mtihani

Nakuunga mkono mwandishi uliyewashauri wahitimu wajiandikie barua, ila niongeze jambo kutoka huku Piyaya. Kwetu mahafali ya kidato cha nne hufanyika kabla ya mtihani wa taifa wa Novemba. Anayejiandikia barua siku hiyo bado hajui lolote, na ndiyo maana barua yake ni ya kweli. Matokeo yakishatoka, hofu ya Oktoba husahaulika.

Mdogo wangu alipohitimu nilimwomba aitaje kila hofu kwa jina lake. Aliandika kwamba anaogopa kukosa zile alama C tatu za kuingia kidato cha tano. Akaongeza kwamba ada ya huko ilifutwa mwaka 2022, lakini nauli, godoro na sare hutoka kwenye mbuzi, na ukame ukiwamaliza, mazungumzo ya kumwoza yataanza. Hofu hiyo ya mwisho aliiandika kwa herufi ndogo sana.

Chini yake akaweka tumaini: “Nataka uwe mkunga. Ukikosa alama, rudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, usinyamaze nyumbani.” Tena akamtaja shangazi atakayemwendea kwanza. Wahitimu, andikeni na jina la mtu kama huyo.