Ufadhili usikatwe mbele ya sesio ya pili

KIKULA, Likasi – Mfadhili ana haki ya kuacha kumlipia mwanafunzi aliyeshindwa masomo. Pesa anayotoa, iwe ya parokia, ya chama cha wenye asili moja, ya kampuni ya madini au ya mjomba anayefanya kazi Lubumbashi, ingeweza kumlipia mtoto mwingine wa Kikula ambaye anabaki nyumbani na diploma yake ya Serikali mkononi. Asiyefanya kazi ya masomo anashikilia nafasi ya mwenzake. Hapo hakuna ubishi. Ubishi uko juu ya siku ambapo barua ya kukata ufadhili inaandikwa, na juu ya kile kinachoandikwa ndani yake.

Katika vyuo vya Kongo mwaka hauhukumiwi mara moja. Kuna sesio ya kwanza, kisha sesio ya pili. Juri ikimaliza kukaa, matokeo yanabandikwa kwenye ubao ambao wanafunzi wanauita valvu. Aliyeandikwa "ajurne" baada ya sesio ya kwanza hajashindwa mwaka: amepewa nafasi ya kurudia mitihani ile iliyomshinda. Mwaka unapotea tu kama sesio ya pili nayo imekataa. Lakini mfadhili akisikia neno ajurne mara nyingi anasikia "ameanguka". Anaona picha ya valvu kwenye simu, anakasirika, anaandika barua siku ileile.

Jambo la pili linahusu namna ya kuhesabu. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, vyuo vya nchi vimeanza kuingia katika mfumo wa LMD. Mwaka mmoja una kredi 60, yaani 30 kwa kila semesta, na kota ya wastani ni 10 kwa 20. Mzazi au mfadhili aliyesoma zamani anatafuta asilimia na neno "satisfaksio", lakini karatasi ya leo inamuonyesha kredi zilizopatikana na zile zilizobaki. Kama hajui kuisoma, anaweza kumuona mwanafunzi mwenye deni la somo moja kuwa sawa na yule ambaye hakufanya kitu.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analipiwa na kamati ya mtaa. Mkataba unasema: chini ya kredi 45, ufadhili unasimama. Baada ya sesio ya kwanza ana kredi 38. Kwa macho ya haraka, hesabu imekwisha. Lakini ukiangalia releve yake vizuri, kredi 22 zilizobaki si za namna moja. Kredi 16 ni za masomo ambamo alipata chini ya 10. Kredi 6, za kemia, hazina kota kabisa. Pale pa kota hakuna sifuri: hakuna kitu.

Kwa nini hakuna kitu? Kwa sababu siku ya mtihani wa kemia jina lake halikuwa kwenye liste ya wale waliomaliza kulipa, na akarudishwa mlangoni. Bordero ya benki inaonyesha kwamba kamati yenyewe ililipa sehemu ya mwisho siku tisa baada ya mtihani. Katika sesio ya pili akaruhusiwa kuingia, akapata kemia, na kati ya zile kredi 16 akaokoa 4. Thelathini na nane, na sita, na nne: jumla 48. Huyu amevuka mpaka wa mkataba. Kama barua ilitoka kati ya sesio mbili, kamati imemkata mwanafunzi kwa kosa ambalo nusu yake ni la kamati.

Sasa tugeuze mfano. Mwenzake naye ana 38, lakini kota zake zote zipo. Hakuna somo lililokosekana, minervali ililipwa kwa wakati, na sesio ya pili inamuongezea kredi 3 tu. Ana 41. Hapo mfadhili akate, na asione haya. Kumuendeleza kwa huruma ni kumuonea yule anayesubiri.

Tofauti kati ya hao wawili haionekani kwenye valvu. Inaonekana katika karatasi, na ndiyo maana rufaa inahitajika. Barua ya haki haina urefu. Inataja kifungu cha mkataba na hesabu yenyewe: kredi ngapi zilitakiwa, ngapi zilipatikana, katika sesio gani. Inasema ufadhili unasimama tangu tarehe gani, na kama minervali iliyokwisha kulipwa inabaki ama hapana, ili mwanafunzi asije akafukuzwa chumbani kwa deni ambalo hakulijua. Mwishoni inasema: unaweza kukata rufaa kwa fulani, ndani ya siku 15, ukileta karatasi hizi.

Siku hizo 15 zianze kuhesabiwa tangu matokeo ya sesio ya pili yabandikwe, si tangu barua iandikwe. Mwanafunzi anayedai kota yake iliyopotea anapaswa kwanza kwenda kwa juri na kupata jibu. Hawezi kumletea mfadhili jibu ambalo chuo hakijatoa.

Na anayesikiliza rufaa asiwe yule aliyetia sahihi barua. Katika kamati ndogo jambo hili linaonekana gumu, lakini si gumu: watu wawili ambao hawakushiriki uamuzi wa kwanza wanatosha, na mwalimu mmoja anayejua kusoma releve. Jibu litoke kwa maandishi, hata kama ni hapana.

Wafadhili wana hofu moja ya kweli: ukifungua mlango wa rufaa, kila aliyeanguka ataingia na machozi yake. Dawa ni kusema mapema kinachokubaliwa. Kota iliyokosekana, pamoja na karatasi ya chuo. Ugonjwa, pamoja na karatasi ya hospitali yenye tarehe za mitihani. Malipo yaliyochelewa, pamoja na bordero. Umaskini wa familia si sababu, kwani ndio uliompatia ufadhili tangu mwanzo. "Mwakani nitajikaza" nayo si sababu. Nchini Tanzania, Bodi ya Mikopo, HESLB, hufungua dirisha la rufaa kwa wanafunzi wasioridhika na mgao wa mikopo, kwa muda uliowekwa na kwa vielelezo. Jambo lao si hili hili, lakini linaonyesha kwamba rufaa yenye tarehe na karatasi inaweza kuendeshwa hata pale waombaji ni wengi sana. Kamati ya Kikula yenye wanafunzi wanane haiwezi kusema imeshindwa.

Rufaa pia isiwe na majibu mawili tu. Kati ya kurudisha yote na kukata yote kuna njia nyingine: kulipa semesta moja na kungoja kredi zake, au kumwachia mwanafunzi arudie mwaka kwa pesa ya nyumbani na kumpokea tena akifaulu. Njia hiyo ya mwisho haimgharimu mfadhili hata franga moja mwaka huo, na inampa kijana sababu ya kurudi darasani badala ya kwenda kuchimba.

Wanafunzi nao wana wajibu wao. Bordero, releve na karatasi za dawa zitunzwe tangu siku ya kwanza, na mfadhili ajulishwe mapema jina linapokosekana kwenye liste, si miezi mitatu baadaye. Anayenyamaza hadi barua ifike amepoteza nusu ya rufaa yake.

Kamati za Kikula ambazo mikataba yao haina kifungu cha rufaa zikiongeze sasa, mistari minne tu, mbele ya matokeo kubandikwa. Baada ya valvu, kila mstari utaonekana umeandikwa kwa ajili ya mtoto wa mtu fulani.