Barua Kabla ya Ukuta
Mkazi wa Lisekese unayetaka kuchangia na jirani ukuta wa mpaka, mwandikie barua kabla hujanunua tofali hata moja. Kwanza mwombe mkakague pamoja mawe ya mpaka, kwa sababu msingi ukipinda, mmoja atakuwa amejenga kwenye kiwanja cha mwenzake. Kisha mwonyeshe hesabu: ukuta wa mita 20, wenye kimo cha mita 2, hula takriban tofali 360 za saruji, yaani 180 kwa kila mmoja; gharama za mchanga, saruji na fundi mgawane nusu kwa nusu. Kama anategemea korosho, pendekeza alipe baada ya mnada. Mkikubaliana, wekeni saini mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na kila mmoja abaki na nakala.