Usitume hela ya kiwanja kwa mita za rula

Ndugu zetu mlioko Omani, Katari, Imarati na kwingineko, wengi wenu mnanunua kiwanja nyumbani bila kukiona. Mnachokiona ni picha ya mchoro iliyotumwa Watsapu, imeandikwa pembeni "Skeli 1:1000", pamoja na ujumbe wa dalali: mita za mraba kadhaa, bei kwa mita ni kiasi fulani, tuma. Msimamo wetu ni mmoja. Ukubwa wowote uliopatikana kwa kuweka rula juu ya mchoro usilipiwe mpaka wewe mwenyewe uwe umeupima dhidi ya kitu ambacho urefu wake umeandikwa kwenye mchoro huohuo. Kazi hii ni ya dakika kumi, na unaifanya ukiwa chumbani kwako.

Skeli ya 1:1000 maana yake ni kwamba milimita moja kwenye karatasi ni mita moja chini ardhini. Maneno hayo yalikuwa kweli siku mchoro ulipochapwa kwa ukubwa wake wa awali. Ukishaupitisha kwenye mashine ya fotokopi ukakuzwa au ukapunguzwa, mistari yote inabadilika urefu, lakini maandishi "1:1000" yanabaki vilevile. Karatasi inaendelea kusema jambo ambalo si kweli tena. Ndiyo maana hatuanzi kwa kumwita mtu mwizi. Mara nyingi mashine ndiyo imeharibu hesabu, na dalali hajui.

Tuchukue mfano. Dada anafanya kazi za ndani Maskati, na amepewa kiwanja kwa bei ya shilingi 15,000 kwa mita ya mraba. Kwenye mchoro wa mipango miji ameonyeshwa namba ya kiwanja tu, ukubwa haujaandikwa. Dalali amechukua nakala yake, ameweka rula na kupata milimita 28 kwa 42. Kwa skeli ya 1:1000 anasema ni mita 28 kwa 42. Ukizidisha unapata mita za mraba 1,176, na bei inakuwa shilingi 17,640,000.

Hesabu ya kuzidisha haina kosa. Kwa hiyo ukirudia kwenye kalkuleta mara kumi utapata jibu lilelile na utaridhika bure. Kosa liko kabla ya kuzidisha, pale milimita zilipogeuzwa kuwa mita.

Namna ya kulikamata ni hii. Michoro mingi huwa na mstari wa skeli chini, ule uliogawanywa vipande na kuandikwa 0, 10, 20 mpaka 50 au 100. Mstari huo ni mchoro kama mistari mingine, kwa hiyo ukikuzwa mchoro nao unakuzwa. Kwenye nakala ya dada yetu, mstari wa mita 50 ulitakiwa uwe na milimita 50. Rula inaonyesha 70. Gawanya 70 kwa 50, unapata 1.4. Kila urefu kwenye nakala hiyo umevimba mara 1.4. Tuthibitishe kwa kitu kingine: barabara iliyoandikwa "mita 10" imetoka milimita 14. Gawanya, ni 1.4 tena. Vitu viwili vinasema neno moja, basi tuyaamini.

Sasa pande za kiwanja. 28 gawanya kwa 1.4 ni mita 20. 42 gawanya kwa 1.4 ni mita 30. Mita 20 mara 30 ni mita za mraba 600, na bei yake ni shilingi 9,000,000. Tofauti na ile ya kwanza ni shilingi 8,640,000. Kama unatuma laki tatu kila mwezi, hiyo ni karibu miezi 29 ya kazi unayoilipia hewa.

Hapa ndipo tunapotaka msomaji akae macho zaidi, kwa sababu kosa la pili huja baada ya la kwanza kugunduliwa. Ukimwambia dalali kwamba mchoro umekuzwa mara 1.4, atakubali kwa heshima na kusema: sawa dada, basi tugawe ukubwa kwa 1.4. Atachukua 1,176, atagawa, atapata 840, na wewe utafurahi kwamba umepunguziwa. Lakini kiwanja ni mita 600. Bado unalipia mita 240 ambazo hazipo, yaani shilingi 3,600,000.

Urefu unagawanywa mara moja, eneo linagawanywa mara mbili. Eneo ni urefu mara upana, na vyote viwili vimevimba. Kwa hiyo unagawa kwa 1.4, halafu kwa 1.4 tena. 1,176 gawanya kwa 1.4 ni 840, gawanya tena ni 600. Ukitaka kuamini kwa macho, chukua karatasi mbili za A4 uziweke ubavu kwa ubavu. Hiyo ndiyo A3. Mchoro wa A4 ukikuzwa kujaza A3, kila mstari unaongezeka kama mara 1.4 tu, lakini karatasi yenyewe imekuwa mbili. Kiwanja nacho kimekuwa viwili, ila kwenye karatasi tu.

Mafundi wa ujenzi wanaotusoma wataona jambo hili haraka kwenye ukuta wa uzio. Kwa vipimo vya dalali, mzunguko ni mita 140. Ukweli ni mita 100. Huo ni urefu, kwa hiyo unagawa kwa 1.4 mara moja na unamaliza. Ukigawa mara mbili utapata karibu mita 71, na tofali zitaisha ukuta haujafika kona ya mwisho. Basi kabla hujagawa, jiulize: natafuta mita, au mita za mraba?

Namba unayoipata kwenye mstari wa skeli pia inakueleza kosa limetoka wapi. Ukipata karibu 1.4, nakala imekuzwa kutoka A4 kwenda A3. Ukipata karibu 0.7, imepunguzwa kutoka A3 kwenda A4, na hapo kiwanja kitaonekana nusu ya ukubwa wake. Huenda mstari wa skeli ukawa sahihi kabisa kwa skeli iliyoandikwa, lakini mita alizokutajia dalali zikawa mara mbili ya zile unazopata wewe. Basi mchoro ni wa 1:500 naye amesoma kama wa 1:1000. Urefu umezidi mara mbili, eneo limezidi mara nne.

Wengi mtasema: sina printa, nina simu tu. Haina shida. Kwenye simu skeli iliyoandikwa haina maana yoyote, maana ukivuta picha kwa vidole viwili inakua unavyotaka. Lakini uwiano haubadiliki. Fungua picha, acha ukubwa mmoja ambao mstari wa skeli na kiwanja vyote vinaonekana, usiguse tena. Weka ukingo wa karatasi juu ya kioo na utie alama ya kalamu kwenye mwanzo na mwisho wa mstari wa mita 50. Kisha hamisha karatasi kwenye upande wa kiwanja uone umeingia mara ngapi. Ukiingia sehemu mbili kwa tano, ni mita 20.

Njia hii ina mipaka yake, na ni vizuri kuijua. Kwanza, tumia mstari mrefu kuliko yote uliyo nayo. Ukiipima ile barabara ya milimita 14 ukaisoma 13.5, uwiano unakuwa 1.35 na kiwanja kinatoka mita za mraba 645 badala ya 600. Nusu milimita imezaa mita 45. Kwenye mstari wa milimita 70, nusu hiyohiyo inazaa kosa dogo zaidi. Pili, kama picha imepigwa kwa simu ikiwa imeinama, upande mmoja unavutika kuliko mwingine. Utajua kwa kupima vitu viwili vyenye urefu ulioandikwa, kimoja kimelala na kingine kimesimama. Uwiano ukitofautiana, acha kupima na uombe nakala nyingine.

Na kuna kitu bora kuliko rula. Ndugu zetu wa saiti mnajua agizo lililoko kwenye michoro mingi ya ujenzi: usipime kwenye karatasi, fuata vipimo vilivyoandikwa. Kwa ardhi ni hivyohivyo. Omba ramani ya upimaji, siyo mchoro wa mipango miji peke yake. Mchoro wa mipango miji unaonyesha jinsi eneo lilivyopangwa. Ramani ya upimaji inatoka kwa mpimaji aliyekwenda ardhini, na inabeba namba za bikoni. Ukipewa namba za Mashariki na Kaskazini za bikoni mbili, huhitaji skeli kabisa. Toa moja kwa nyingine. Tuseme tofauti ya Mashariki ni mita 16 na ya Kaskazini ni mita 12:

√(16² + 12²) = √400 = 20

Upande huo ni mita 20, hata kama karatasi imekuzwa, imepunguzwa au imekunjwa mfukoni. Namba zilizoandikwa hazivimbi.

Tunajua linalowazuia wengi. Dalali ni mtu wa mtaani, pengine ni binamu, na kumdai hesabu kunaonekana kama kumvunjia heshima. Sisi hatuoni hivyo. Mwambie: "Kaka, nakuamini wewe, ila mashine ya fotokopi siiamini." Kisha kubalianeni kwa maandishi kwamba bei ni kwa mita ya mraba iliyoandikwa kwenye ramani ya upimaji iliyoidhinishwa, na kwamba malipo ya mwisho yatafanyika baada ya mpimaji mwenye leseni kuzionyesha bikoni zenyewe. Mdogo wako aliyeko nyumbani aende na tepu ya mita 50, apime pande zote nne, akutumie namba.

Hesabu hii haikuambii nani mwenye kiwanja, wala kama bikoni imehamishwa usiku. Hayo yana ukaguzi wake ofisi ya ardhi. Inakuambia jambo moja tu: unalipia mita ngapi. Kabla ya kubonyeza tuma, tafuta mstari wa skeli. Usipouona, wala hakuna urefu wowote ulioandikwa kwenye karatasi hiyo, basi hiyo ni picha ya kiwanja tu, na hela ibaki mfukoni mpaka namba zipatikane.