"A university" iko sawa, tuacheni

Wiki jana nilibadilisha maelezo ya akaunti yangu nikaandika maneno matatu tu: "a university dropout". Ni ukweli, niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, na sioni haja ya kujificha. Kabla hata chai ipoe, jamaa mmoja akakomenti: "Ni AN university. Sasa tumejua kwa nini uliacha." Hiyo komenti ikapata laiki kuliko posti yenyewe. Watu wazima, wenye digrii zimening'inia ukutani, wakapita hapo wakiacha vicheko.

Manze, kuchekwa nimezoea, ndiyo kazi yangu. Lakini kuchekwa kwa kosa ambalo sijafanya? Hapo lazima tuongee.

Huyo jamaa hakutoa hiyo kitu hewani. Ana sheria, na wewe pia unayo, kwa sababu sote tuliikariri tukiwa wadogo: weka "an" mbele ya a, e, i, o, u, na "a" mbele ya herufi zingine zote. Ukiiangalia "university" unaona u, unaweka "an", unatuma, unajisikia msomi. Shida ni kwamba hiyo sheria ni mbovu tangu siku ya kwanza. Inapita kwa "an egg" na "an orange" na "a book", ndiyo maana imeishi miaka yote bila kushikwa. Inashikwa ikikutana na maneno ambayo Kiingereza kinaandika hivi na kusoma vile.

"A" na "an" haziangalii herufi. Zinasikiliza sauti. Neno linalofuata likianza na sauti ya irabu mdomoni, unaweka "an". Likianza na sauti ya konsonanti, unaweka "a". Kwisha.

Na hapa ndipo sisi tungewashinda hata Waingereza kama tungetumia akili, kwa sababu Kiswahili tunaandika venye tunasema. Kwa hivyo chukua hilo neno la Kiingereza, liandike kwa tahajia ya Kiswahili, halafu uangalie herufi ya kwanza. "University" inakuwa yunivasiti. Inaanza na y, ile ya yai na yeye. Hiyo ni konsonanti, kwa hivyo ni "a university". Hata "uniform" unaijua: umesema yunifomu tangu nasari, hakuna siku mama alikutuma ukavae "unifomu". Ni "a uniform". Lakini "umbrella" ukiiandika unapata ambrela. Inaanza na a, kwa hivyo ni "an umbrella". U ni ile ile kwa karatasi, lakini mdomoni ni vitu viwili tofauti.

Sasa "hour". Ukikwama kwa jam saa kumi na moja jioni unasema uko kwa rashawa. Husemi rash-hawa. Hiyo h haina kazi, imeandikwa tu. Neno ni awa, linaanza na irabu, kwa hivyo ni "an hour". "Honest" ni onesti, kwa hivyo "an honest man". Mheshimiwa wa bunge naye ni "an honourable member", haijalishi unamwonaje.

Jaribio langu lina shimo moja na sitakuficha. Kama wewe unatamka "honest" na h nzito, utaiandika honesti na jaribio litakudanganya. Dawa yake ni kukariri kidogo: "hour", "honest", "honour", "heir", pamoja na watoto wao kama "hourly", "honesty" na "honourable". Karibu ni hayo tu. Zilizobaki, "house", "hotel", "hospital", h yake inasikika na zinachukua "a". Kuna "herb" pia, ambayo Mwingereza anaitamka na h na Mmarekani anaiacha, kwa hivyo ukisikia mpishi wa Marekani akisema "an herb" usimkimbilie kwa komenti.

Kuna mtu ataniambia wazungu wenyewe waliandika "an university" zamani. Ni kweli. Hata Katiba ya Marekani, iliyoandikwa 1787, ina "an uniform" ndani yake. Lakini leo ukimpelekea mhariri yeyote hiyo "an university" ataikata, na yule jamaa hakuwa ananipeleka 1787.

Kwani hiyo n inafanya nini hapo? Wengi wanadhani "a" ndiyo ya asili halafu n ikaongezwa. Ni kinyume. Mwanzo ilikuwa "an", na ilitoka kwa neno lao la "moja". Baadaye n ikaanguka mbele ya konsonanti na ikabaki mbele ya irabu, kwa sababu irabu mbili zikigongana mdomo unakwama. Jaribu kusema "a awa" haraka haraka. Na usione ni maajabu ya Waingereza. Sisi tunasema kitabu kibaya, lakini hatusemi kitabu kieupe. Tunasema cheupe. Ki imekutana na irabu ikageuka. Hakuna mtu alikufundisha hiyo kwa kukariri a, e, i, o, u. Ulisikia nyumbani, basi.

Kuna mahali moja tu ambapo Kiswahili kinatupoteza. Sisi kivumishi kinafuata ngeli ya nomino, hata nomino ikiwa mbali. Kwa hivyo mtu akiandika kuhusu "hour" anafikiri "an" ni mali ya "hour" milele, anaandika "an whole hour". Hapana. Hicho kijineno kinamsikiliza jirani aliyekaa naye bega kwa bega. Ni "an hour", lakini "a whole hour", halafu "half an hour". Ni "an honest answer", lakini "a very honest answer". Yangu mimi ni "a dropout", na "a university dropout", na ukitaka kunisifu kidogo ni "an honest university dropout". Dropout ni yule yule mara tatu.

Vifupisho navyo vinafuata mdomo. MP unasoma em-pi, kwa hivyo "an MP". MCA ni "an MCA". NGO ni "an NGO". UN inaanza na yu, kwa hivyo "a UN job". Hata nambari: "an 8-4-4 student", kwa sababu nane yao inaanza na irabu. Yule jamaa wa komenti anaandika "a MP" kila siku na hakuna mtu humcheka.

Ningeacha hii maneno ipite kama si binamu yangu wa Gredi ya 6. Jumapili alinionyesha daftari la insha. Alikuwa ameandika "We waited for an hour", safi kabisa, na kalamu nyekundu ikakata ile n na kumtoa alama moja. Mtoto alisikia vizuri, akaandika vizuri, na sasa anaandika "a hour" kila mahali kwa sababu anaogopa. Nikamwambia arudishe daftari na amuulize mwalimu kwa heshima aisome hiyo sentensi kwa sauti. Mwalimu akaisoma. Alisema "an hour" mwenyewe, akanyamaza kidogo, akamwambia akae chini.

Alama bado haijarudi.

Na maelezo ya akaunti yangu yako pale pale, maneno matatu, sijagusa.