Kazi za kikundi ziwe na daftari la saini

Mhariri,

Katika kazi nyingi za kikundi vyuoni, wote hupewa alama moja, aliyekesha na asiyefanya lolote. Nawaomba wahadhiri wadai daftari la kazi pamoja na ripoti.

Tuchukue kikundi cha watu watano wenye wiki nne za kuchunguza bei za mboga sokoni. Siku ya kwanza waandike nani ataandaa dodoso, wawili gani watakwenda sokoni, nani atachambua takwimu na nani ataunganisha ripoti. Kila jukumu liwe na tarehe na kitu cha kukabidhi: “madodoso 20 yaliyojazwa, Ijumaa ya wiki ya pili”, si “kusaidia utafiti”. Rasimu ikamilike wiki ya tatu, ili anayechelewa ajulikane wakati kazi yake bado inaweza kugawanywa upya.

Historia ya mabadiliko katika waraka wa pamoja mtandaoni haitoshi. Humwonyesha aliyechapa, si aliyeshinda sokoni akihoji wauzaji. Kwa hiyo kila Ijumaa wanakikundi wote watie saini daftarini kuthibitisha kilichokabidhiwa, na mhadhiri alikague daftari hilo wiki ya pili, asisubiri malalamiko baada ya alama kutoka.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu,
Dodoma