Barua ya mchungaji isizidi daftari la kanisa

Kanisa la Marekani likitaka kumwajiri mwinjilisti kutoka Nyansurura kwa viza ya R-1, kanisa hilo ndilo linaloanza kwa kujaza fomu I-129. Sheria ya viza hiyo inadai mwinjilisti awe mshiriki wa dhehebu la kanisa hilo kwa angalau miaka 2 mfululizo kabla fomu haijawasilishwa. Hapo ndipo mzee wa kanisa au mchungaji wa nyumbani anapoombwa barua.

Barua nyingi za aina hii hujaa sifa: kijana ni mcha Mungu, mtiifu, mwenye heshima kwa wakubwa. Afisa wa viza hana namna ya kuzipima. Anachotafuta ni tarehe ya ubatizo, kanisa ulikofanyika, tangu lini jina liko daftarini, na namba ya simu ya aliyetia saini, ambayo ikipigwa inapokelewa.

Tuchukue mfano wa Waadventista. Kijana alibatizwa Nyansurura mwaka 2019 kwa jina la Yohana, na daftari likaandika Yohana Marwa. Pasipoti yake inasema Marwa Chacha Mwita. Mwaka 2022 alihamia Mwanza, akawa anasali huko bila kuomba barua ya uhamisho. Karani wa Mwanza hana jina lake, kwa kuwa ushirika hauhami mpaka kanisa analotoka lipige kura na kanisa analoingia limpokee. Kwa hiyo barua ya viza inapaswa kuandikwa na Nyansurura, itaje majina yote mawili na kueleza kuwa ni ya mtu mmoja, na iseme wazi kuwa tangu 2022 anaishi Mwanza. Akiomba uhamisho kwa haraka wakati huo, atapewa karatasi nyingine kabisa, inayodumu miezi 6 na inayoandikiwa kanisa, si maafisa wa viza.

Ugumu unakuja kwa aliyebatizwa miezi 14 iliyopita. Mama yake anafika kwa mchungaji akiomba: "Baba Mchungaji, sogeza tarehe kidogo tu, mtoto asikose riziki." Ombi hilo linauma, hasa anayeliomba akiwa jirani ambaye mlizika naye wiki iliyopita. Lakini tarehe ya uongo ikigundulika, anayeumia kwanza ni huyo kijana: sheria ya Marekani humzuia kuingia nchini humo maisha yake yote mtu aliyetumia uongo kutafuta viza, na msamaha wake ni mgumu kupatikana.

Vilevile mchungaji asiandike kuwa kijana hana kosa lolote la jinai. Hilo ni la Jeshi la Polisi, linalochukua alama za vidole na kutoa cheti cha tabia njema. Kwa kijana aliyebatizwa miezi 14 iliyopita, barua ya kweli itaje tarehe halisi ya ubatizo, na kijana aliandikie kanisa la Marekani lisubiri miezi 10 kabla ya kuwasilisha fomu.