Bei ya maharagi: kugawana dola 6 ao kutafuta 10?

Tuchukue mfano wa mama mwenye restora hapa Bukavu na papa anayemletea maharagi kutoka Kalehe. Papa anaomba dola 95 kwa gunia, mama anatoa 80. Moyoni, papa hawezi kushuka chini ya 84, na mama hawezi kupita 90. Basi wanapigania dola 6 tu, na kila dola papa anayopata, mama anaipoteza. Hayo ni majadiliano ya kugawana. Anayetaja mpaka wake wa kwanza ndiye anaumia.

Lakini kwa nini papa anakataa 83? Mama analipa kisha mwezi mzima, na papa anakopa ili anunue mavuno. Riba inamla dola 4 kwa gunia. Mama akilipa siku ya kupokea, papa anaweza kushuka mpaka 80. Sasa kuna dola 10 za kugawana, si 6. Hayo ndiyo majadiliano ya kujenga.

Inaomba mama awe na pesa iliyolala. Kama naye atakopa kwa riba ileile, mzigo umehama tu, hakuna kilichoongezeka.

Kwa maoni yangu, wengi wanakosea hapa: zile dola 10 nazo zitagombaniwa. Papa aeleze sababu ya bei yake, lakini ile 80 aifiche. «Mama, ukinilipa leo nitakupunguzia» inatosha. Mama naye ataje bei, asitaje 90 yake.